Juma Hamisi wa Morogoro ni Yupi? Kuoanisha Rekodi za Wateja Pasipo Kitambulisho cha Pamoja

*Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya wenzetu wanaotunza kumbukumbu za wateja na wanaosimamia barua pepe za biashara. Nimeyaandika yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Majina ya wateja nimeyabadilisha.*

Ndugu Mwenyekiti, wenzangu mnaotunza rekodi za wateja, na nyinyi mnaoziandika barua pepe zinazowafikia wateja hao, nawasalimu na kuwashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Naomba nianze na simu niliyoipokea asubuhi moja, nikiwa na kampuni inayouza pampu za umwagiliaji kwa malipo ya awamu. Aliyepiga alikuwa mwalimu wa sekondari. Aliongea kwa upole, akaniuliza: "Ndugu yangu, mimi ninadaiwa nini na nyinyi?" Alikuwa amepokea barua pepe yenye jina lake kamili, Juma Hamisi, yenye mkoa wake, Morogoro, na yenye kiasi cha deni la pampu ambayo hakuwahi kuinunua. Alichokifanya yeye ni kujiandikisha kwenye orodha yetu ya barua pepe kwa sababu alipenda kusoma makala za bustani za mboga. Deni lilikuwa la Juma Hamisi mwingine, wa Morogoro hiyohiyo. Kwa hiyo kwa barua moja tulikuwa tumewakosea watu wawili: mmoja tulimdai asichodaiwa, na mwingine tulimtangazia deni lake kwa mtu asiyemhusu, jambo ambalo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haituruhusu kulifanya.

Kosa lilitokeaje? Kampuni ilikuwa na vyombo viwili visivyojuana. Cha kwanza kilikuwa CRM, ambamo maofisa mauzo walijaza jina la mteja, namba ya simu, mkoa, tarehe ya kumtembelea mara ya kwanza na deni lake. Cha pili kilikuwa chombo cha kutuma barua pepe, ambacho kilijua anwani ya barua pepe, jina kama mtu alipenda kulijaza, mkoa, na tarehe ya kujiandikisha. CRM haikuwa na barua pepe, kwa sababu ofisa aliye shambani huomba simu. Chombo cha barua pepe hakikuwa na simu, kwa sababu fomu ya tovuti haikuiuliza. Kijana wetu alipoambiwa aunganishe, alitoa majedwali mawili, akaunganisha jina na mkoa kuwa neno moja, akaandika VLOOKUP. Na VLOOKUP, wenzangu, huchukua mstari wa kwanza inaoukuta na kunyamaza. Haisemi kwamba chini yake ipo mingine mitatu inayofanana. Ndani ya CRM yetu Juma Hamisi wa Morogoro walikuwa wanne.

Hapo ndipo ninapotaka tukae leo. Majina mawili yakifanana, na mkoa ukafanana, je, tumempata mtu? Ni lini kufanana kunatosha, na ni lini hakutoshi?

Jibu la swali hili si geni. Mwaka 1959 Howard Newcombe na wenzake nchini Kanada walionyesha jinsi ya kuunganisha kumbukumbu za ndoa na za vizazi kwa kompyuta, na mwaka 1969 Ivan Fellegi na Alan Sunter, nao wa Kanada, wakaipa kazi hiyo hesabu yake kamili. Wazo lao lote linaweza kusemwa kwa maneno machache: kufanana kuna uzito, na uzito huo unatokana na maswali mawili. La kwanza, kama rekodi hizi mbili ni za mtu mmoja kweli, sehemu hii ingefanana mara ngapi? La pili, kama ni za watu wawili tofauti, ingefanana kwa bahati tu mara ngapi? Gawanya la kwanza kwa la pili, nawe umepata uzito.

Tumfanyie Juma Hamisi hesabu hiyo. Rekodi za CRM zilikuwa 6,400 na anwani za barua pepe zilikuwa 4,100. Ukitaka kulinganisha kila moja na kila moja, unapata jozi 26,240,000, ambazo mtu akiitazama moja kwa kila sekunde bila kulala atazimaliza baada ya siku 304 hivi. Kati ya hizo, ngapi ni za kweli? Tuliwauliza watu 100 waliochaguliwa kiholela kwenye orodha ya barua pepe, na 37 wakasema wamewahi kununua kwetu au kutembelewa na ofisa wetu. Kwa hiyo tulikadiria jozi za kweli kuwa 1,500 hivi. Maana yake ni kwamba ukichota jozi moja bila kutazama kitu, ni moja kati ya 17,500 ndiyo ya kweli. Huo ndio mlima ambao ushahidi wetu unapaswa kuupanda, na ndio jambo ambalo wengi wetu hulisahau.

Sasa tuweke ushahidi. Jina la kwanza lilifanana katika jozi tisa kati ya kumi tulizozijua kwa hakika kuwa za mtu mmoja. Katika orodha yetu, watu watatu kati ya mia waliitwa Juma. Asilimia 90 ukiigawanya kwa asilimia tatu unapata uzito wa mara 30. Hamisi walikuwa wawili kati ya mia, kwa hiyo, kwa asilimia 90 hiyohiyo, uzito wake ni mara 45. Morogoro walikuwa mmoja kati ya watano, kwa hiyo mkoa unatupa mara nne na nusu tu. Zidisha: 30 mara 45 mara nne na nusu ni 6,075. Mlima ulikuwa 17,500. Hatujafika kileleni. Ukiugeuza uwiano huo kuwa uwezekano, yaani 6,075 kati ya jumla ya 6,075 na 17,500, unapata kama robo. Robo, wenzangu! Jina la kwanza limefanana, la pili limefanana, mkoa umefanana, na bado hesabu inatuambia kwamba ukiwatumia barua watu wanne wa namna hii, umewakosea watatu.

Mchukue sasa mteja mwingine. Tumwite Neema, jina ambalo nalo lilikuwa la watu wawili kati ya mia, lakini ubini wake ni nadra, unaopatikana mara moja tu katika majina 2,000. Neema anatupa mara 45, ubini unatupa mara 1,800, mkoa mara nne na nusu. Zidisha, unapata 364,500, ambayo ni zaidi ya mara 20 ya mlima wetu, yaani uwezekano wa asilimia 95. Sehemu zilizofanana ni zilezile tatu, kanuni ni ileile, lakini huyu tunaweza kumwandikia na yule hatuwezi.

Naomba niongeze jambo moja ambalo vitabu vya ugenini havitatuambia. Hesabu hii inadhani kwamba jina la kwanza na la pili havitegemeani. Kwetu vinategemeana sana. Aliyezaliwa Ijumaa akaitwa Juma, baba yake naye ana nafasi kubwa ya kuwa Hamisi, Rashidi au Ramadhani, kwa sababu majina hayo yanatoka katika jamii zilezile. Kama yasingetegemeana, katika rekodi zetu 6,400 tungetarajia Juma Hamisi wa Morogoro asitimie hata mmoja. Walikuwa wanne. Kwa hiyo ile robo yenyewe ni ya kumpendelea. Dawa yake ni kuhesabu jina kamili kama kitu kimoja: tafuta majina mawili kwa pamoja yanajirudia mara ngapi ndani ya mkoa huo, usizidishe moja kwa moja. Na uhesabu kutoka katika orodha yako mwenyewe. Mushi kule Kilimanjaro si ushahidi wa maana. Mushi katika orodha ya Lindi ni ushahidi mzito.

Je, Juma Hamisi ndiyo basi, hapatikani? Anapatikana, ila kwa kitu kingine kisichokuwa jina. Sisi tuligundua kwamba watu wengi walijiandikisha kwenye barua pepe siku chache kabla au baada ya ofisa kuwatembelea. Kati ya jozi tulizozijua, nne kati ya kumi zilikuwa na tarehe mbili zilizopishana kwa siku saba au pungufu. Kwa watu wasiohusiana, siku hizo 15 ndani ya miaka mitatu ni bahati ya moja kati ya 73. Uzito wake ni mara 29. Ukimwongezea Juma Hamisi ambaye tarehe zake zinakaribiana hivyo, ile robo inapanda hadi asilimia 91. Tazameni hapo: tarehe ambayo hakuna aliyeijali ilikuwa na nguvu karibu sawa na jina. Lakini tarehe zisipokaribiana hazimwondoi mtu, zinampunguzia kidogo tu, kwa sababu hata wateja wa kweli sita kati ya kumi tarehe zao hazikukaribiana. Mwalimu wetu alijiandikisha miezi minane baada ya mdaiwa kutembelewa. Angebaki chini ya robo, na barua ile isingetoka.

Sasa niseme kuhusu majina yenyewe, maana hesabu yote hii inadhani tunajua majina mawili yamefanana au la. Tunajua?

Programu nyingi hupima kufanana kwa kuhesabu herufi ngapi zibadilishwe ili neno moja liwe jingine, kipimo alichokitoa Vladimir Levenshtein mwaka 1965. Kipimo hicho ni kizuri kwa makosa ya uchapaji, lakini kipeni majina yetu. Salum na Salim wanatofautiana kwa herufi moja, na ni watu wawili. Ally na Ali wanatofautiana kwa hatua mbili, na ni jina moja. Kwa maneno mengine, mashine inasema Salum yuko karibu na Salim kuliko Ally alivyo karibu na Ali! Kipimo kingine cha zamani, Soundex, ambacho hataza yake ni ya mwaka 1918 kule Marekani, hushikilia herufi ya kwanza, kwa hiyo Khadija anakuwa `K320` na Hadija anakuwa `H320`, na hawakutani kamwe.

Tulichokifanya ni kazi ya mikono, na ilituchukua siku mbili. Tulichapisha majina yote yaliyojirudia zaidi ya mara tano, tukakaa watu wanne mezani, akiwemo dada wa mapokezi ambaye amesikia majina ya wateja kuliko sote, tukaandika jedwali la majina ndugu: Fatma na Fatuma, Yusuf na Yusufu na Yusuph, Hamis na Hamisi na Khamis, Mohamed kwa tahajia zake zote. Salum na Salim tukawaandika wazi kwamba si ndugu. Kwa Asha na Aisha hatukukubaliana, kwa hiyo tukaamua kwamba kufanana kwao kuhesabiwe nusu ya uzito. Jedwali lile dogo lilitusaidia kuliko programu yoyote.

Kisha tukaondoa vyeo: Mwl., Dkt., Mhandisi, Alhaji. Hapo kuna mtego mmoja. Ofisa wetu mmoja aliwaandika kina mama wote kama walivyomwambia majirani: Mama Neema, Mama Baraka. Ukiondoa neno "Mama" ukabaki na "Neema", umeandika jina la mtoto kana kwamba ni la mteja, na ukienda kutafuta kwenye barua pepe utampata binti aliyejiandikisha mwenyewe. Rekodi za namna hiyo tuliziacha bila jina, tukamrudishia ofisa ajaze.

Na pale ambapo chombo cha barua pepe hakikuwa na jina? Tulitazama anwani yenyewe, sehemu iliyo kabla ya `@`. Anwani inayoanza na `n.mushi84` inatupa herufi ya kwanza na ubini, na hicho ni kitu. Anwani ya `info` au `ofisi` haitupi kitu, tena inatuonya kwamba nyuma yake huenda wapo watu wengi. Ile 84 huenda ni mwaka wa kuzaliwa, huenda siyo, sisi hatukuitumia.

Nilisema tulikuwa na jozi tulizozijua kwa hakika. Tulizipata wapi, ikiwa vyombo viwili havikuwa na kitambulisho cha pamoja? Hapa ndipo penye jambo ninalowaomba mlifanye kabla ya hesabu yoyote: tafuteni mshenga. Familia mbili zisizofahamiana huunganishwa na mtu anayezifahamu zote mbili, na ndivyo ilivyo kwa majedwali. Sisi tulikuwa tumefanya siku ya maonyesho ya pampu, na mlangoni watu walijiandikisha kwenye daftari: jina, simu, barua pepe. Daftari lile lilikaa kabatini mwaka mzima. Tulipolichapa, simu zilitupeleka kwenye CRM, barua pepe zikatupeleka kwenye chombo cha pili, na tukapata jozi 212 zisizo na shaka. Kati ya hizo, jina la kwanza lilifanana katika 191. Ile asilimia 90 niliyowatajia haikutoka hewani. Mshenga wenu anaweza kuwa fomu ya udhamini, stakabadhi iliyotumwa kwa barua pepe, au orodha ya semina.

Ila simu zinahitaji kuandaliwa. CRM ilikuwa na `0754…`, na `+255 754…`, na `754…` ambayo Excel ilikuwa imeila sifuri ya mwanzo. Kwa namba za Tanzania tarakimu tisa za mwisho zinatosha:

```
=RIGHT(SUBSTITUTE(A2," ",""),9)
```

Kabla ya hapo, tazameni kwa macho kama kuna mahali pameandikwa `2.55754E+11`. Excel huionyesha hivyo namba ndefu iliyoandikwa bila nafasi kati ya tarakimu, na faili likihifadhiwa kama CSV katika hali hiyo, tarakimu za mwisho zimepotea kabisa. Wateja wengi wanakuwa na simu moja, na mshenga wenu anawaozesha watu wasiojuana. Hakuna kanuni ya kuzirudisha. Rudini kwenye CRM mtoe upya, na safu hiyo mwiingize kama maandishi.

Baada ya hesabu, jozi zetu zilianguka katika vikapu vitatu. Zilizozidi asilimia 95 tulizikubali. Zilizokuwa chini ya nusu tuliziacha. Zilizobaki katikati zilitazamwa na watu wawili, kila mmoja peke yake, na walipotofautiana tulimpigia mteja simu. Mtaniuliza, kwa nini mstari wa juu tuuweke mbali hivyo na kupoteza wateja wengi wa kweli? Kwa sababu makosa mawili haya hayalingani. Tusipomuunganisha mteja, anakosa barua ya kumkumbusha kubadilisha chujio la pampu. Tukimuunganisha vibaya, anasoma deni la mtu mwingine. Kwa barua za makala za kilimo tulishusha mstari hadi asilimia 80. Kwa barua zenye deni hatukukubali hesabu yoyote, tulikubali mshenga au simu peke yake.

Na tafadhali, msichanganye rekodi. Unganisheni, msichanganye. Tulitengeneza jedwali la tatu lenye namba ya mteja, anwani ya barua pepe, uwezekano, njia iliyotumika, tarehe, na jina la aliyethibitisha. CRM ikabaki ilivyo, chombo cha barua pepe kikabaki kilivyo. Mwezi uliofuata tuligundua anwani moja imeunganishwa na wateja 14. Ilikuwa ya katibu wa kikundi cha wakulima, aliyewajazia wenzake wote. Kwa kuwa hatukuchanganya, tulifuta mistari 14 kwenye jedwali na kazi ikaisha. Kama tungekuwa tumemimina rekodi zile kuwa moja, nani angetuambia deni lipi lilikuwa la nani?

Jedwali hilohilo linabeba jambo la kujitoa. Mtu mmoja anaweza kuwa na anwani mbili, na moja akawa amejitoa. Kanuni yetu ilikuwa kwamba akijitoa kwenye anwani moja, amejitoa kwenye zote tulizomuunganisha nazo, hata kama muungano wenyewe ni wa asilimia 60 tu. Katika kutuma tunadai ushahidi mzito, katika kunyamaza tunaridhika na mwepesi.

Mwisho, kazi hii ifanyeni mara moja. Jozi ikishathibitishwa, chukueni namba ya mteja kutoka CRM muiandike kwenye sehemu ya ziada ya chombo cha barua pepe, na fomu ya tovuti ianze kuuliza simu. Wanaotumia Salesforce wawe waangalifu: kitambulisho chake cha herufi 15 hutofautisha herufi kubwa na ndogo, na VLOOKUP haizitofautishi, kwa hiyo chukueni kile cha herufi 18. Kisha kila robo mwaka tulichota jozi 100 kati ya tulizozikubali, tukawapigia wahusika. Mara ya kwanza tulikuta tatu si za kweli. Zote tatu zilikuwa za baba na mwana wenye majina yanayofanana, wanaoishi nyumba moja, na tarehe zao zilikaribiana kwa sababu ofisa alifika siku hiyohiyo kwa wote wawili. Kwa hao hatujapata hesabu, tunawauliza wenyewe.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Niko tayari kwa maswali, na mwenye orodha yake kwenye kompyuta aje nayo tuifungue hapa.